Miaka 20 kwenye ghala moja la kahawa, na jinsi nilivyoiandika upya sivii yangu ya kuombea kazi

Niliingia kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi Machi 2003, nikiwa karani wa mizani mwenye miaka 24. Nilitoka Juni 2023, kampuni ilipopunguza wafanyakazi. Katikati hapo nimezaa watoto watatu, nimemzika baba yangu, nimejenga nyumba Pasua, na sikuwahi hata mara moja kuandika barua ya kuomba kazi kwingine. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye kama nilivyokuwa mwezi ule. Anaijua kazi yake vizuri, ila hajawahi kuieleza kwa mtu asiyefika kazini kwake.

Nianze na fedha, kwa sababu ndizo zilizonipa haraka ya kukosea. Nilikuwa nimejiambia kwamba miaka 20 italipwa miaka 20. Sheria tuliyolipwa kwayo inahesabu kiinua mgongo kwa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Kwa hiyo nilipata siku 70, pamoja na malipo ya notisi na likizo niliyokuwa nadai. Mtoto wa kwanza alikuwa anaanza chuo. Nilipopiga hesabu mezani usiku, niliona nina kama miezi mitano kabla sijaanza kukopa.

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi, nikamlipa kijana shilingi 40,000 anitengenezee sivii. Akanitolea kurasa tano zenye pambo la bluu pembeni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Wa pili ulianza na lengo la maisha ambalo nadhani aliwapa watu wengi kabla yangu. Kazi yangu yote ilikaa kwenye mstari mmoja: jina la kampuni, 2003 hadi 2023, Msimamizi wa Ghala la Pili. Chini yake kulikuwa na majukumu kumi na nne, niliyoyanakili kutoka kwenye karatasi ya majukumu niliyopewa na ofisi mwaka 2017. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa semina za ndani: usalama kazini, zimamoto, maadili, siku ya familia.

Niliituma mara 23 kati ya Agosti na Oktoba. Nyingine kwa imeili, nyingine nilizipeleka mwenyewe kwa basi hadi Arusha, Njiro na Kisongo, nikaziacha kwa mlinzi getini. Hakuna aliyenipigia.

Ukimya ule ulinitafuna kuliko kuachishwa kazi kwenyewe. Nilianza kuamini kwamba tatizo ni umri wangu. Binamu yangu mmoja, mtu mzuri aliyetaka kunisaidia, akasema tatizo ni kwamba naonekana sijawahi kutoka nyumbani. Akashauri niigawe kazi ile vipande vinne, kila kipande na jina lake, kana kwamba ni sehemu nne tofauti. Mizani iwe kazi moja, mapokezi kazi ya pili, na kadhalika, jina la kampuni liandikwe kwa kifupi juu na lisirudiwe. Nilikubali. Nilijua si sawa, lakini nilikubali.

Na kweli nikaitwa kwenye usaili, Arusha, Novemba. Walikuwa watatu mezani. Mmoja alishika sivii yangu, mwingine akashika cheti changu cha utumishi. Yule wa cheti akauliza kwa upole kabisa, "Mama, huyu mwajiri wa 2007 hadi 2012 ni nani?" Nikaeleza kwamba ni yuleyule. Akauliza tena kuhusu wa 2012. Nikasema ni yuleyule. Hakuna aliyenifokea. Wakaendelea na maswali mengine mawili matatu kwa heshima, lakini nilijua pale pale kwamba kazi ile imekwisha. Nilirudi Moshi nikiwa nimekaa dirishani, na kuanzia Usa River hadi Boma Ng'ombe sikumjibu hata kondakta.

Kilichonisaidia ni kwamba afisa rasilimali watu, yule aliyeshika sivii, alinipigia siku mbili baadaye. Hakuwa na kazi ya kunipa. Alisema hakupenda niondoke bila kuelewa. "Mama yangu, kuigawa miaka yako si kosa," alisema. "Kosa ni kuificha kampuni. Igawe, lakini iache kampuni juu, mara moja, wazi." Kisha akasema neno ambalo nililiandika kwenye kalenda ukutani: "Nilipoisoma ile sivii nilimwona mtu anayeijua kampuni yake. Sikumwona mtu anayeijua ghala."

Nilitulia na neno hilo kwa siku kadhaa kabla sijashika kalamu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta ushahidi wa vyeo vyangu. Cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma, kilikuwa kimetaja cheo cha mwisho tu. Mtu akikisoma anaona nimekuwa msimamizi miaka 20 bila kupanda wala kushuka. Nikatoa kwenye sanduku barua zangu za kupandishwa cheo. Mbili nilikuwa nazo, moja ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikarudi ofisini kuomba barua fupi inayotaja vyeo vyote vinne na tarehe zake. Nilisubiri wiki tatu, nikaipata. Kama bado uko kazini, fungua faili lako leo uone kama barua hizo zipo, kwa maana ukishatoka, aliyekuandikia naye anaweza kuwa ameshatoka.

Baada ya hapo nikapanga upya. Jina la kampuni likakaa juu mara moja, na tarehe zake zote. Chini yake zikaja kazi nne, ya karibuni kwanza: Msimamizi wa Ghala la Pili, 2017 hadi 2023, Msaidizi wa Msimamizi, 2012 hadi 2017, Karani Mkuu wa Mapokezi, 2007 hadi 2012, Karani wa Mizani, 2003 hadi 2007. Anayeangalia kwa haraka anaona mwajiri mmoja na ngazi nne. Ile ya kwanza ilimwonyesha jiwe, hii inamwonyesha mtu aliyekuwa anatembea.

Kosa ambalo ningelifanya hapa ni kuzipa kazi zote nne nafasi sawa. Nilikuwa na mapenzi na miaka ile ya mizani, nikaiandikia mistari minane. Mpwa wangu aliye Arusha, ambaye ndiye aliyekuwa akinichapia, alinipigia akasema, "Shangazi, hawakuajiri kwa kazi ya 2004." Ilinichoma, lakini alikuwa sahihi. Mwishowe usimamizi ulipata mistari sita, usaidizi minne, ukarani mkuu miwili, na mizani mstari mmoja. Semina za ndani zote zikaondoka isipokuwa ile ya usalama wa ghala, na picha, dini na hali ya ndoa navyo vikaondoka. Kurasa mbili.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo ndipo palipochukua muda mrefu kuliko pote.

Mtu akikaa mahali pamoja miaka mingi, anaiokota lugha ya pale bila kujua. Mimi nilikuwa nasema "nilisimamia Fomu 7", nikidhani kila mwenye stoo anajua Fomu 7. Nilikuwa nasema "nilifunga kijani kila mwezi", kwa sababu leja yetu ya hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa na jalada la kijani tangu kabla sijaingia. Niliandika "mjumbe wa Kamati ya Jumatatu". Hata cheo chenyewe, Ghala la Pili, kilikuwa ni lugha ya ndani. Kwetu Ghala la Pili ndilo kubwa, ndilo linalopokea mzigo wa vyama vya msingi vya wakulima. Kwa mtu wa nje, la pili ni lile dogo linalokuja baada ya la kwanza.

Mpwa wangu alinipa njia ya kulijua hilo. Alichukua rasimu yangu akampa jamaa anayesimamia stoo ya hoteli moja Arusha, mtu asiyejua kahawa kabisa, akamwambia apige mstari chini ya kila neno ambalo lingemfanya aulize. Karatasi ilirudi na mistari 31. Nilikaa nayo sebuleni nikihisi kama nimeandika kwa lugha ya kigeni. Lakini ilikuwa kazi nyepesi baada ya hapo, kwa sababu kila mstari ulikuwa na swali moja tu: hiki, ghala lingine wanakiitaje?

Fomu 7 ikawa hati ya kupokea mzigo. Kufunga kijani kukawa kulinganisha leja na hesabu halisi ya stoo kila mwisho wa mwezi na kueleza tofauti. Kamati ya Jumatatu ikawa kikao cha kupanga magari na nafasi ya ghala kwa wiki nzima, pamoja na watu wa usafirishaji na wa mashine. Ilinishangaza kuona kwamba kazi zangu, zikivuliwa nguo za nyumbani, ni kazi zilezile zilizokuwa kwenye matangazo niliyokuwa nikiyasoma. Tangazo lilikuwa linasema "usuluhishi wa hesabu za stoo", nami nilikuwa nimeufanya miezi zaidi ya 100, ila kwa jina la kijani. Hakuna mtu wala mashine ya kuchuja maombi ambayo ingekisia hilo.

Vyeo sikuvibadilisha. Hapa nataka niwe mkali kidogo. Wapo watakaokushauri ujiite meneja wa mnyororo wa ugavi kwa kuwa ndilo jina la sokoni. Mwajiri mpya akipiga simu kwa wa zamani, anauliza cheo na tarehe, na akiambiwa kingine umekwisha. Nilichofanya ni kuandika cheo kama kilivyo kwenye barua, kisha mstari mmoja wa maelezo mara baada yake. Kwa Kiswahili ulikuwa hivi: "Msimamizi wa Ghala la Pili. Ghala kuu la kampuni la kupokea na kuhifadhi kahawa, uwezo wa tani 4,000 kwa msimu, wafanyakazi 14 wa kudumu na vibarua hadi 40." Sivii yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza kwa kuwa matangazo yalikuwa kwa Kiingereza, ila nilifikiri na kuandika kila mstari kwa Kiswahili kwanza. Nilipoanza moja kwa moja na Kiingereza, nilikuwa nanakili maneno makubwa nisiyoyamiliki.

Namba zilitoka kwenye madaftari yangu. Nilikuwa na tabia ya kuandika kila jioni mzigo ulioingia na uliotoka, na daftari moja lilidumu msimu mmoja, kuanzia mavuno ya Julai hadi mnada wa mwisho. Sikuchukua karatasi yoyote ya kampuni wakati naondoka, wala sikuandika jina la mteja au bei ya mtu. Nilizungusha tarakimu. Tani 3,870 na tani 4,110 zikawa "takribani 4,000". Anayeajiri anataka kujua ukubwa wa ghala ulilolibeba, siri za mwajiri wako hazimhusu, na akiziona atajiuliza utafanya nini na zake.

Lakini namba nayo inaweza kukuumbua, na nataka nilieleze hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonipatia kazi.

Rasimu yangu ilikuwa na mstari niliojivunia sana: "Nilipunguza upotevu wa mzigo ghalani." Mpwa wangu akasema uweke kiasi. Nikaandika kwamba umeshuka kutoka asilimia 2.5 hadi 1.8. Nilipoisoma tena usiku nikaona haitoshi, tena inaweza kunidhuru, kwa sababu mtu wa mazao ataniuliza: je, katika huo upotevu, maji ni kiasi gani?

Kahawa inayokuja kwetu ni pachimenti, yaani imemenywa na kukaushwa lakini bado ina ganda lake jembamba. Inakaa ghalani ikisubiri kukobolewa, na hapo inaendelea kukauka. Tuseme imeingia ikiwa na unyevu wa asilimia 12.5, na siku ya kwenda mashineni kipima unyevu kinasoma 11. Uzito lazima upungue hata kama hakuna aliyegusa punje. Chukua kilo 10,000. Ndani yake maji ni kilo 1,250, na kilichobaki, kilo 8,750, ni kahawa kavu. Kahawa kavu haiendi popote. Unyevu ukifika 11, zile kilo 8,750 sasa ni asilimia 89 ya mzigo wote. Gawa 8,750 kwa 0.89, unapata kilo 9,831. Kilo 169 zimepanda hewani, na hakuna mlinzi wa kulaumiwa.

Miaka mingi kabla yangu, ghala lilikuwa linahesabu upungufu wote kwa pamoja. Ukikaa ndani ya kiasi kilichozoeleka, hakuna anayeuliza. Maana yake ni kwamba msimu wa mvua, kahawa ikikauka kidogo, mwizi alikuwa na nafasi kubwa ya kujificha ndani ya kiasi kilekile. Mwaka 2016, nikiwa bado msaidizi, niliomba kila loti, yaani kila mzigo ulioingia pamoja, ipimwe unyevu mara mbili, ikiingia na ikitoka, na namba zote mbili ziandikwe kwenye binkadi, ile kadi ya stoo ya kuandikia kinachoingia na kutoka. Hapo tukaweza kutoa maji kwanza, kisha kuangalia kilichobaki. Msimu ule kilichobaki bila maelezo kilikuwa karibu kilo 9 katika kila 1,000. Sehemu yake ilikuwa magunia yaliyochanika wakati wa kupanga. Sehemu ilikuwa mizani ya mlango wa nyuma, iliyokuwa haikubaliani na ya mlango wa mbele hadi ilipopelekwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Na sehemu, nasema kwa uchungu kwa kuwa nilikuwa nakula nao chai, ilikuwa ya watu. Kufikia msimu wa 2019 tulikuwa chini ya kilo 2.

Kwa hiyo mstari ukawa: "Nilianzisha upimaji wa unyevu wa kila loti wakati wa kuingia na kutoka, ili kutenga upungufu wa ukaukaji. Upungufu usio na maelezo ulishuka kutoka takribani kilo 9 hadi chini ya kilo 2 kwa kila 1,000 katika misimu mitatu." Ni mrefu kuliko mingine yote, na sikuukata. Neno kahawa halimo ndani yake. Kila anayehifadhi mahindi, maharage, alizeti au mbegu ataona ghala lake mle.

Na hiyo ndiyo njia niliyoitumia kwa mistari mingine pia: nilikuta nini, nilibadilisha nini, ikawaje. Mtu aliyekaa miaka 20 anaogopwa kwa jambo moja, kwamba amezoea na hawezi kubadilika. Kumwambia msomaji "napenda mabadiliko" hakumwondolei hofu. Kumwonyesha kitu ulichokikuta kinakwenda hivi ukakiacha kinakwenda vile, kunamwondolea. Kama umekaa mahali miaka mingi na huna hata kimoja cha namna hiyo, fikiri tena. Mara nyingi kipo, ila ulikiona kuwa kazi ya kawaida. Mimi lile la unyevu sikuliweka hata kwenye rasimu ya kwanza.

Wadhamini nao niliwabadilisha. Nilikuwa nimeandika watatu, wote wa kampuni ileile, na mmoja alikuwa amestaafu na simu yake haipatikani. Nikamwacha bosi wangu wa mwisho. Wa pili akawa mwenye malori aliyekuwa akipakia kwetu kwa miaka tisa, ambaye anajua kama gari lake lilisubiri getini au halikusubiri. Wa tatu akawa mtu wa upande wa wanunuzi aliyekuwa akija kuchukua sampuli kabla ya mnada. Hao wawili walikuwa wameniona kutoka nje ya ukuta. Niliwapigia kwanza kuomba ruhusa, na kila mmoja nikampelekea sivii aisome, asije akaulizwa jambo akabaki anababaika.

Maelezo ya juu kabisa, yale ya mistari mitatu, niliyaandika mwisho. Sikuanza na "nina uzoefu wa miaka 20". Tarehe ziko palepale chini, kila mtu anaweza kuhesabu. Nilianza na kile ninachokifanya: msimamizi wa ghala la mazao, ukubwa wake, upokeaji kwa loti, udhibiti wa unyevu, hesabu za stoo, na timu. Kisha nikaongeza Excel, ambayo nilikuwa nimeisoma kuanzia Desemba ile kwa wiki sita jioni kwenye kituo kimoja cha kompyuta hapa Moshi kwa shilingi 120,000. Kazini tulikuwa na mfumo wetu ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Nilijua sana kuubonyeza, lakini nje ya geti haukuwa na thamani. Niliandika mwezi na mwaka wa mafunzo, ili msomaji aone kwamba nimejifunza kitu baada ya kutoka.

Kuanzia Januari 2024 nilituma kwa watu tisa tu. Kila tangazo nilikaa nalo jioni nzima, nikibadilisha mpangilio wa mistari ile sita ili wanachokitaka kiwe juu. Wanne waliniita.

Wa tatu ilikuwa kampuni ya mbegu, Arusha. Waliuliza swali ambalo kila mtu wa aina yangu ataulizwa: "Kwa nini ulikaa miaka yote hiyo?" Kwenye usaili wa Novemba nilikuwa nimejibu kwamba mimi ni mwaminifu. Jibu hilo ni kweli, lakini linamwacha anayeuliza palepale. Safari hii nilisema kwamba kila baada ya miaka minne au mitano nilikuwa napewa kazi kubwa kuliko ya kwanza, na nikazitaja. Nikasema pia kwamba kati ya 2012 na 2015 nilikuwa na mama mgonjwa Kibosho na sikuweza kuhama. Nilisita kabla ya kulisema hilo. Mwenyekiti alitikisa kichwa, akaandika kitu, tukaendelea.

Kisha meneja wao wa uzalishaji, ambaye alikuwa kimya muda wote, akafungua ukurasa wa kwanza akaweka kidole kwenye mstari wa unyevu. "Ulitengaje?" akauliza. Nikaomba karatasi. Nikamwandikia kilo 10,000, asilimia 12.5, asilimia 11, nikagawa pale pale. Akasema kwao unyevu ukizidi hawapotezi uzito, wanapoteza uotaji, na mbegu isiyoota ni hasara ambayo mkulima anaigundua shambani. Nikamwambia upande wa uotaji siujui, sijawahi kuufanyia kazi, lakini kuilinda loti isichanganyike na kuijua historia yake tangu mlangoni nimekufanya maisha yangu yote. Tulizungumza karibu nusu saa. Nilisahau kwamba nipo kwenye usaili.

Walinichukua Machi 2024, kwa mshahara ulio chini kidogo ya ule wa zamani. Nilikubali. Napanda basi la saa kumi na moja alfajiri, siku za Jumatatu, na kulala kwa mpwa wangu hadi Ijumaa.

Mwezi uliopita fundi mashine mmoja wa kiwanda kile cha zamani alikuja nyumbani Pasua na bahasha yake. Amekaa miaka 22, na wameambiwa kutakuwa na awamu nyingine. Ameandika sivii ya mistari saba. "Dada, mimi ni mtu wa mashine tu," akasema. Nikamuuliza mashine yake inakoboa tani ngapi kwa saa. Akanyamaza. Kisha akasema inategemea, kwa sababu pachimenti ikikauka kupita kiasi punje zake zinavunjika, hivyo yeye huwa anapunguza mwendo, na kuna mwaka alibadilisha nafasi ya vyuma vya ndani punje zikaacha kuvunjika. Nilimwomba asubiri kidogo, nikaingia ndani kutafuta daftari.